Moja kwa Mia Sita na Arobaini

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nina mdomo. Watu wa Ikungi wanalijua hilo, kwa hiyo nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Nimewahi kumfukuza mwenyekiti wa kijiji darasani kwangu kwa sababu aliingia bila kubisha hodi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu hawezi kuwa mwoga. Nilikuja kujua kwamba anaweza, tena mwoga mkubwa, na uoga huo uliniponza kiunoni.

Nilianza kutoka jasho la usiku mwezi wa tatu, wakati alizeti ziko shambani. Silisemi jasho la joto. Ikungi mwezi wa tatu hakuna joto la kumtoa mtu jasho akiwa amelala. Nilikuwa naamka shuka imelowa, mto umelowa, nguo ya kulalia imenigandia mgongoni. Mume wangu ni fundi cherehani, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Asubuhi ya kwanza aliishika shuka, akanusa vidole, akaniuliza kwa upole kama nimejikojolea. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Baada ya jasho ikaja homa ya jioni. Ikifika saa kumi na moja mwili unachemka, asubuhi umepoa, naenda kufundisha kama kawaida ila miguu mizito. Kisha viungo. Magoti kwanza, halafu kiuno upande wa kulia, halafu mgongo wa chini. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa ulikuwa unaondoka. Wiki mbili ninaumwa, siku kumi mzima kabisa, nalima bustani, nacheka, nasema yameisha. Halafu unarudi. Ungekuwa umekaa moja kwa moja ningeuheshimu mapema zaidi.

Nilienda zahanati, wakapima malaria, hakuna. Wakanipa dawa za taifodi, nikapata nafuu, nikamsifia mhudumu kwa kila mtu. Baada ya wiki tatu shuka ikalowa tena, na yule niliyemsifia nikaanza kumsema. Nikapima virusi vya Ukimwi. Nilikwenda peke yangu, nikakutwa sina. Nikapima makohozi, hakuna kifua kikuu. Dawa za U.T.I. nilimeza, dawa za maumivu nilimeza mpaka tumbo likalalamika. Mezani kwetu maboksi ya dawa yalikuwa mengi kuliko vikombe.

Mwishoni mume wangu akasema twende hospitali ya mjini Singida. Daktari wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, anaandika polepole. Aliniuliza maswali mengi na katikati akauliza kama nina tabia ya kunywa maziwa mabichi. Nikasema hapana. Nilisema bila hata kupepesa macho, naye akaandika hapana.

Sasa nieleze huo uongo, maana ndio uliobeba mambo yote. Nyumbani kwangu maziwa yanachemshwa. Hilo ni kweli tupu. Nafundisha sayansi darasa la tano, na kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni: chemsha maziwa kabla ya kunywa. Nawaimbisha. Nawachapia meza. Lakini kila Jumamosi nilikuwa naenda Mungaa kwa mama yangu, na mama yangu ana ng'ombe sita, na kwa mama hakuna anayechemsha maziwa ya kumpa mtoto wake. Anakamua mwenyewe, anamimina kwenye kikombe cha bati yakiwa bado na povu na joto la ng'ombe, anakushikisha kwa mikono miwili na kusimama mbele yako mpaka umalize. Mengine anayaweka kwenye kibuyu yagande. Kwake, maziwa yakipandishwa motoni chuchu za ng'ombe zinakauka. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mtu anayeomba yachemshwe amewatakia ng'ombe wako mabaya.

Miaka ya nyuma wifi yangu, mke wa kaka, aliwahi kukataa kikombe kile. Mama aliyamwaga yale maziwa chini mbele ya watu na hakumpa tena kikombe mpaka leo. Kwa hiyo mimi, bingwa wa kuchemsha maziwa ubaoni, nilikunywa. Mwezi wa kwanza ng'ombe mmoja alitupa mimba ya miezi saba, mwezi wa pili mwingine. Nilimsaidia mama kuokota na kuzika, mikono mitupu, na jioni nikanywa maziwa ya mmoja wao. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani siku daktari aliponiuliza. Nilijiambia kwamba ameuliza tabia yangu, na tabia yangu ni kuchemsha. Mwalimu akitaka kujidanganya hakosi namna.

Daktari akafuata alichoambiwa. Alinigonga mgongo, akanikunja mguu, nikapiga kelele. Picha ya mgongo haikuonyesha kitu cha wazi. Akatueleza kwa utaratibu kwamba homa, jasho la usiku na maumivu ya mgongo kwa miezi saba vinamtia wasiwasi wa kifua kikuu cha mifupa, ambacho makohozi hayawezi kukionyesha. Alitaka twende Dodoma kwa kipimo kikubwa zaidi, na huenda nikaanzishiwa dawa za miezi mingi. Nikamuuliza kama nitaendelea kutembea. Akasema tusingoje mpaka swali hilo liwe na maana.

Tulitoka nje. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na nane. Nilimwona mtu mmoja kijijini kwetu utotoni ambaye mgongo ulimwinamisha mpaka akawa anatembea anatazama vidole vyake, na hiyo ndiyo picha niliyoiona mbele yangu. Mume wangu alinishika mkono hadharani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na hilo likanitisha kuliko maneno ya daktari.

Kabla ya kuondoka tulitumwa maabara kutoa damu kwa vipimo vya kawaida vya rufaa. Mtaalamu wa maabara aliponiona alisimama. "Shikamoo mwalimu," akasema, na ndipo nikamtambua. Nilimfundisha darasa la tano, miaka mingi iliyopita, mtoto wa kukaa dawati la mwisho ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote. Sasa ana koti jeupe na ndevu. Alinifunga mpira mkononi, akapiga mshipa mara moja, na huku damu inaingia kwenye kichupa akawa anasoma fomu yangu. Akaniuliza kama nyumbani kwa bibi, yaani kwa mama yangu, bado ni Mungaa. Nikasema ndiyo. Akasema afisa mifugo wa huko alikuwa analalamika mwaka huu ng'ombe wanatupa mimba sana, halafu akatazama fomu tena.

"Mwalimu, hapa pameandikwa hunywi maziwa mabichi."

Aliuliza kwa adabu. Angeuliza kwa ukali ningemjibu kwa ukali na mambo yangeishia hapo, nami ningepanda basi la Dodoma. Lakini aliuliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyomwuliza mzazi wake, na nikahisi uso unaniwaka. Nilikuwa naulizwa swali la mtihani na mtoto niliyemfundisha jibu. Nikamwambia ninakunywa. Kila Jumamosi. Nimeshika na mimba zilizotupwa. Nilianza kulia pale pale, sindano ikiwa bado mkononi.

Hakunicheka. Alisema hawezi kuongeza kipimo kwa hiari yake, lazima daktari aandike, kwa hiyo nirudi nikamwambie. Ningeweza kumtuma mume wangu. Nilimtazama, naye akatazama dari. Basi nikarudi mwenyewe. Kwenye chumba cha daktari, mlango ukiwa wazi na kinamama wawili kwenye benchi, mmoja ni mzazi wa mwanafunzi wangu, nikasema kwa sauti kwamba nilidanganya, maziwa mabichi nakunywa. Yule mzazi alifunika mdomo kwa kanga. Daktari aliweka kalamu chini. Nilitegemea anifokee, na kwa kweli nilistahili. Alishusha pumzi tu na kuniuliza kwa nini. Nikamwambia namwogopa mama yangu. Akachukua fomu nyingine na kuandika kipimo cha brusela, ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba ambao humpata mtu kwa maziwa mabichi.

Kipimo cha kwanza kilifanywa mchana ule ule. Kijana wa maabara alinionyesha kwa sababu nilimsumbua anionyeshe. Damu yangu ilikuwa imezungushwa kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yakajitenga juu. Alidondosha tone moja la maji hayo kwenye kigae cheupe, akaweka pembeni yake tone la dawa ya rangi ya waridi ambayo ndani yake mna vijidudu vya brusela vilivyouawa, akachanganya kwa kijiti na kuanza kukitikisa kigae taratibu, huku na huku, anatazama saa. Tone jingine alilolipima pamoja na langu, la damu aliyojua haina ugonjwa, lilibaki laini. La kwangu lilianza kuwa na chengachenga. Kabla dakika nne hazijaisha lilikuwa limekatika kama uji ulioingia madonge.

Alisema hicho kimesema ndiyo, lakini hakijasema kiasi gani, na mtu anaweza kuonyesha ndiyo kwa ugonjwa wa zamani. Ilibidi apime kiwango cha kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na kijidudu kile. Alipanga mirija ya kioo kwenye ubao. Mrija wa kwanza anapunguza makali ya yale maji ya damu mara ishirini, wa pili mara arobaini, wa tatu mara themanini, na kuendelea hivyo, kila mmoja nusu ya nguvu ya uliotangulia, kisha anaweka vijidudu vile vilivyouawa katika yote na kuiacha kwenye joto la mwili mpaka kesho. Askari wakiwa wachache, wanashindwa kuvikamata vijidudu mara tu ukiwapunguza kidogo. Wakiwa wengi, wanaendelea kuvikamata hata ukiwapunguza sana. Mrija wa mwisho ambao bado vimekamatana ndio unaotoa namba. Kwa mtu mwenye dalili kama zangu, alisema, wao huanzia mia moja na sitini kusema huu ni ugonjwa ulio kazini.

Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Wala sikumkatiza, na mume wangu alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomthibitishia kuwa naumwa kweli.

Tulilala kwa ndugu mjini. Asubuhi nilikuwa dirishani kwa maabara kabla hawajafungua. Kijana alinipitisha moja kwa moja mpaka kwa daktari, karatasi mkononi. Moja kwa mia sita na arobaini. Daktari aliisoma mara mbili, akauliza kuhusu mimba za ng'ombe na lini nilianza kuumwa, akasema sasa hadithi na namba vinaelewana. Safari ya Dodoma ikaahirishwa. Ni brusela, inakaa kwenye maungio ya kiuno na mgongo, inaondoka na kurudi kwa sababu ndiyo tabia yake, na dawa zile za taifodi ziliituliza bila kuimaliza. Inatibika. Nilimwuliza kama mgongo utainama. Akasema hapana.

Jamani, niliwahi kufurahi siku ya harusi yangu na siku ya kuzaa, lakini furaha ya kuambiwa unaumwa ugonjwa wenye dawa ni nyingine kabisa. Nilicheka mpaka wauguzi wakachungulia. Nilitaka kumkumbatia daktari, akanizuia kwa kuniandikia sindano. Sindano kila siku kwa siku saba, na vidonge mara mbili kwa siku wiki sita kamili, kwa chakula na maji mengi, nisilale mara baada ya kumeza. Akanionya kwamba nitajisikia mzima mapema sana, na watu wengi huacha hapo, na ugonjwa huwarudia. Akaniangalia usoni na kuongeza kwamba nisimezee maziwa. Na wote wanaokunywa kutoka zizi lile waambiwe.

Hapo furaha ikapungua, maana aliyetakiwa kuambiwa ni mama.

Sikwenda Jumamosi ile. Nilikuwa na sindano, ndio kisingizio nilichojipa. Jumapili mama akaja mwenyewe Ikungi, kwa miguu kutoka kituoni, fimbo mkononi. Nilimpigia magoti kumwamkia huku kiuno kinanichoma, akaitikia marahaba na kuuliza ninachoficha. Nikamwambia yote. Sikuyapamba. Nilimwambia maziwa yetu yameniumiza, nimeyanywa nikijua, na nilimdanganya daktari kwa sababu yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anitukane, au anitenge kama alivyomtenga wifi. Aliomba aonyeshwe vidonge, akavihesabu kwa kidole, akaniuliza cha jioni nakimeza saa ngapi.

Afisa mifugo alifika Mungaa wiki iliyofuata na kuchukua damu za ng'ombe wote sita. Wawili walikutwa nayo, ni wale wale waliotupa mimba. Akasema wasiuzwe kwa mfugaji mwingine, watolewe zizini kwa kuchinjwa chini ya usimamizi, na mimba ikitupwa tena isiguswe mikono mitupu. Mama alitoa ng'ombe wawili bila kubishana. Alikuja pia hospitali kupimwa, kwa sababu magoti yanamuuma miaka mingi. Tone lake kwenye kigae lilibaki laini kabisa. Magoti yake ni ya uzee kweli, na nafikiri alivunjika moyo kidogo. Maziwa akaanza kuchemsha. Kaka yangu ndiye aliyeniambia, mama hakutaja.

Mimi nilimeza vidonge. Kabla wiki ya pili haijaisha niliamka asubuhi moja shuka ni kavu. Niliipapasa yote, mpaka upande wa mume wangu, nikamwamsha aipapase na yeye. Akasema kavu, akalala tena. Nilikaa kitandani nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka akaamka kwa hasira. Wiki ya nne kiuno kilikuwa kimelegea na nilisimama darasani vipindi vyote. Shetani akaninong'oneza kwamba zilizobaki niache. Nilimeza zote mpaka ya mwisho, kwa sababu mama alikuwa anapiga simu kila jioni saa mbili kuuliza.

Baada ya miezi mitatu nikatakiwa kurudi kupima tena. Mama akasema anakuja. Hakuna aliyemwalika. Tulikaa kwenye benchi la nje, yeye na fimbo yake, mimi na kadi yangu ya hospitali. Sikuwa na homa, sikuwa na jasho, nilikuwa nimepanda alizeti nusu eka. Lakini karatasi iliyotoka maabara ilisema moja kwa themanini.

Nilidhani itasema sifuri. Niliingia kwa daktari nimeshapanda juu, nikamwambia ugonjwa bado ninao, wiki sita nimemeza dawa na bado ninao, basi waniambie ukweli kama hautoki. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize, kisha akaziweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni.

"Mwalimu, hatupimi kijidudu, tunapima askari wako. Vita vimekwisha, lakini askari hawarudi makwao siku hiyo hiyo."

Akanieleza kwamba namba huteremka polepole, kwa wengine miezi, kwa wengine hata mwaka na zaidi, na kwamba toka mia sita na arobaini mpaka themanini ni kushuka mara tatu kwa nusu. Anachotazama ni kama inashuka na kama mtu ana dalili. Ingepanda tena, au jasho lingerudi, hapo angeniita. Kwa mtu aliyemaliza dawa, hana homa, anapanda alizeti, themanini ni namba ya mtu aliyepona. Aliniambia niende nyumbani. Nikamwomba radhi kwa kelele. Akasema ameshazoea.

Nilitoka nje. Mama alikuwa amekaa vile vile, ameshika fimbo kwa mikono miwili, hatazami mlango. Akauliza wamesemaje. Nikamwambia nimepona.

"Una hakika?"

Nikasema daktari ana hakika. Akaomba karatasi, akaishika ingawa hasomi, akanirudishia. Ndipo akanigeukia, na nikaona macho ambayo sikuyaona tangu nikiwa msichana nimevunja chungu.

"Sikutaka kukusema ukiwa mgonjwa. Ungekataa kikombe changu, ningekasirika siku mbili. Wewe umeumwa miezi saba."

Nilikunja karatasi mara nne. Mimi, mwenye mdomo. Alisimama akatangulia kwenda kituoni na njia nzima mpaka Ikungi hakunisemesha, wala hakushuka kunywa chai kwangu, akapitiliza Mungaa. Nilimpigia jioni hakupokea. Kesho yake hakupokea. Siku ya tatu asubuhi alinipigia mwenyewe, akauliza kama nimekula.